Kaladi si chotara, wala si tusi

Tyla, mwimbaji wa Johannesburg, alipoanza kuvuma duniani, Wamarekani wengi walimjia juu mitandaoni kwa kujiita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya "mwenye rangi". Kwao neno hilo linanuka enzi za ubaguzi, za vibao vya kutenganisha mabomba ya maji ya weupe na ya weusi. Huko Afrika Kusini neno hilo ni jina la jamii. Wazulu hulitamka karibu na "kaladi", nami nitawafuata. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Makaladi wapatao milioni 5, na katika jimbo la Rasi ya Magharibi ndio kundi kubwa kuliko yote. Wapo wanaolikataa jina hilo na kujiita Wakhoi, yaani wenyeji wa asili wa Rasi, au Waafrika weusi basi.

Dhana inayotunasa zaidi sisi wasemaji wa Kiswahili ni kwamba Kaladi ni chotara. Chotara tunamjua: baba rangi hii, mama rangi ile. Lakini Kaladi wa kawaida amezaliwa na baba Kaladi na mama Kaladi, na mababu zake vivyo hivyo. Mchanganyiko wenyewe ni wa zamani. Waholanzi walipiga kambi Rasini mwaka 1652, na miaka sita baadaye wakaanza kuleta watumwa kwa wingi. Wengi walitoka Madagaska, Msumbiji, India na visiwa vya Indonesia. Hao waliishi na kuoana na Wakhoi waliokuwa wakinyang'anywa malisho, na wazungu nao wakazaa humo. Jikoni na mashambani mwao Kiholanzi kikageuka polepole kuwa Kiafrikaans. Tumezoea kukiita lugha ya Makaburu, ilhali katika karne ya 19 Waislamu wa Cape Town walikuwa wakikiandika kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wetu wa pwani walivyoandika Kiswahili.

Wengine husema Makaladi walibuniwa na utawala wa ubaguzi wa rangi ulioanza 1948. La. Sensa ya Rasi ya mwaka 1904 ilikuwa tayari imewaweka kundi lao, na kufikia hapo walishakuwa na chama cha siasa, kilichokuja kuongozwa na daktari Abdullah Abdurahman. Sheria ya usajili ya mwaka 1950 ilichofanya ni kuwafungia humo, tena kwa maelezo ya ajabu: Kaladi ni yule asiye mzungu wala mwenyeji mweusi.

Kipimo cha namna hiyo hakikosi vituko. Sandra Laing, aliyezaliwa na wazazi wazungu, aliandikwa Kaladi mwaka 1966 kwa sababu ya ngozi na nywele zake, kisha akarudishwa uzunguni mwaka uliofuata. Na kule Durban wapo "Wazanzibari", wengi wao wazao wa Wamakua walioachiliwa utumwani na kufikishwa huko kuanzia 1873. Serikali ilihangaika nao, mwishowe ikawaandika "Waasia wengine".