Masikio hupata moto kabla ya ngumi

Kijana huyu alipoletwa kwangu kwa sababu ya hasira zake alikuwa na miaka 15, yuko kidato cha pili, mkono wa kulia umefungwa plasta ngumu. Alikuwa amepiga ukuta wa matofali ya saruji, na mfupa wa kiganja unaoelekea kidole kidogo ukavunjika. Mfupa huo ndio unaovunjika mara nyingi kwa wanaopiga ukuta. Kifundo kikibonyea, au kidole kikilalia kingine anapokunja ngumi, apelekwe eksirei siku hiyohiyo. (Mambo yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha.)

Mama yake alisema, "Hasira zake zinakuja ghafla." Yeye mwenyewe alisema hivyohivyo. Wengi husema hivyo kwa kuwa wanachokikumbuka ni kishindo. Kwa hiyo simuulizi kijana kwa nini alipiga. Naanzia ngumi ilipogusa ukuta na kurudi nyuma naye taratibu: ulikuwa umesimama wapi? Kabla ya hapo mama alikuwa amesema nini? Ulikuwa unapumuaje? Taya lilikuwaje?

Tulirudi nyuma hadi dakika kama kumi. Mama alikuwa ameuliza kuhusu simu. Kijana akakumbuka masikio kupata moto na ulimi kugandamana na kaakaa. Baadaye pumzi ikapanda kifuani na sauti ikawa nyembamba. Mwisho akaona midomo ya mama ikicheza bila kusikia maneno. Tukachora mstari wa hasira wa 0 hadi 10. Masikio tukayaweka kwenye 4, sauti kwenye 6, kutosikia kwenye 8, ngumi kwenye 9. Kila kijana ana mstari wake. Nimewahi kumwona mmoja ambaye dalili yake ya kwanza ilikuwa mguu kutikisika chini ya meza.

Nambari hizo zina kazi. Akishafika 8, kumwambia "tulia, pumua" ni kupoteza maneno, maana wakati huo hapokei maelekezo. Mbinu zinafanya kazi kwenye 4 na 5, na huko atazikumbuka tu ikiwa amezizoea akiwa ametulia. Nilimpa zoezi la dakika tano asubuhi na jioni: kuvuta pumzi kwa hesabu ya 4, kuitoa kwa hesabu ya 6. Kuitoa polepole ndiko kunakosaidia mapigo ya moyo kushuka. Mbinu nyingine ilikuwa kunawa uso kwa maji baridi, kisha kutoka nje.

Hapo kwenye kutoka ndipo tulipokwama. Wiki ya kwanza masikio yalipata moto, akatoka kama tulivyokubaliana. Mama akamfuata hadi uani: "Unanipa mgongo mimi?" Akapiga geti. Simlaumu mama. Kwetu mtoto kuondoka mzazi akiwa anaongea ni utovu wa adabu, na mpango wangu haukulipa hilo uzito. Kosa lilikuwa langu.

Niliwaita wote wawili tukaupanga upya. Kijana ataweka kiganja kifuani na kusema maneno mawili tu: "Mama, narudi." Mama hatajibu wala hatamfuata. Baada ya nusu saa kijana atarudi mwenyewe, na yale mazungumzo ya simu yatamalizwa. Asiporudi, mbinu inageuka njia ya kukwepa, na mama ana haki ya kutoiamini tena. Mwili ukishachemka hautulii kwa dakika mbili. Ndiyo maana ya nusu saa.

Kule nje asikae akirudia ugomvi kichwani, atarudi na moto zaidi. Huyu alichagua kuchota maji huku akihesabu hatua. Wazazi huniuliza kama apige mto au gunia la mazoezi badala ya ukuta. Siwashauri. Utafiti wa mwanasaikolojia Brad Bushman wa mwaka 2002 ulionyesha kwamba waliopiga gunia huku wakimfikiria aliyewaudhi walibaki na hasira kuliko waliokaa kimya. Isitoshe, ngumi inazidi kuzoea njia ileile.

Mpango huu haumtoshi kila kijana. Kama hakumbuki kabisa kilichotokea, kama ukali ulianza baada ya kuumia kichwa, kama kuna pombe au bangi, anapiga watu, au anazungumzia kufa, apimwe na daktari au mtaalamu wa afya ya akili kwanza. Na wakati mwingine mstari ukirudishwa nyuma unafika kwa mtu mzima anayempiga kijana huyo. Hapo kinachotibiwa si hasira yake.

Wiki ya sita tulihesabu: alikuwa ametoka nje mara tano na kupiga mlango mara moja. Tukaurudisha nyuma mlango ule pia. Alikuwa ametoka shule saa kumi na moja jioni hajala tangu asubuhi, na swali la simu lilimkuta mlangoni. Sasa mama huuliza baada ya chakula.