Mchezo wa Go: kete zikihesabiwa, ushindi haupai

“Kwa hesabu ya Kichina kete nazo ni pointi, basi anayeongoza hushinda kwa pointi nyingi zaidi.”

Hapana. Kete za mpinzani nazo huhesabiwa. Chukua ubao wa 9 kwa 9, hakuna kete iliyotekwa: Nyeusi ina kete 22 na nafasi 21 ilizozingira; Nyeupe kete 21, nafasi 17. Kichina ni 43 kwa 38, tofauti 5. Kijapani, nafasi tupu peke yake, 21 kwa 17, tofauti 4.

Pointi hiyo 1 imetoka kwa Nyeusi kucheza mara moja zaidi. Zingelingana kwa idadi ya kete zilizochezwa, tofauti ingekuwa ileile. Fidia ya Nyeupe, yaani pointi inazopewa kwa kucheza ya pili, ikiwa 4.5, mshindi hubadilika: Kichina ni Nyeusi, Kijapani ni Nyeupe.

Jaribu: jaza nafasi yako moja huku mpinzani akipita. Kijapani unapoteza pointi, Kichina hupotezi.