Kutegea kwenye grupu asaimenti: mnayoniambia na yalivyo kweli

Kila semista nikishagawa magrupu, wiki ya pili haiishi kuna lida kashakuja ofisini kuniambia sentensi ileile, "Ticha, fulani ni mvivu, ndo alivyo, naomba nitoe jina lake." Nimeisikia mpaka nimechoka, kwa hiyo leo nianze na hiyo, nyingine nitazipitia haraka haraka.

Dhana: Mtegeaji ni mtu mvivu, ndo tabia yake

Hapana jamani. Huyohuyo mnayemuita mvivu mpe testi ya peke yake uone anavyokesha. Mwaka 1979 mwanasaikolojia Latané na wenzake kule Marekani waliwaambia wanafunzi wapige kelele kwa nguvu zao zote, wakawafunika macho na kuwavalisha hedifoni ili wasijue nani mwingine anapiga. Mtu akidhani yuko na mwenzake mmoja, wakati kiukweli yuko peke yake, alitoa kama asilimia 82 ya nguvu zake, akidhani wako sita akashuka hadi 74. Mtu ni yuleyule, koo ni lilelile, na hakuna hata wa kumkwaza maana wenzake hawapo, kilichobadilika ni kuamini tu kwamba sauti yake imezama kwenye za wengine. Halafu 1981 wakarudia, safari hii wakawaambia washiriki kwamba sauti ya kila mmoja inapimwa kivyake hata mkiwa wengi, na kutegea kukaisha.

Kwa hiyo lida akija kwangu na jina la mtu, mimi naomba kwanza nione aligawaje kazi. Na hapo ndo utakuta madudu.

Chukua mfano huu, ndo ninaoutumia darasani. Grupu la watu 8, asaimenti ni kwa nini bei ya dagaa inapanda na kushuka pale soko la mwaloni Kirumba, Mwanza, siku 14, maksi 15 kati ya 40 za kozi weki. Lida anaandika kwenye wasapu: wawili utangulizi, watatu data, mmoja kuchapa, mmoja kuprinti, mmoja prezentesheni. Anajiona kamaliza. Sasa hebu angalia, wale watatu wa data kila mmoja anajua bila yeye bado wapo wawili, wa kuprinti hana cha kufanya mpaka siku ya 13 na hata akiprinti hajajifunza kitu kuhusu dagaa, wa kuchapa anasubiri watu ambao nao wanasubiriana. Hapo watu watano wamepewa ruhusa rasmi ya kukaa, halafu siku ya 12 mnawaita wavivu!

Igawe kazi upya. Kila mtu, lida akiwemo, anahoji wachuuzi watatu, jumla 24, kila fomu ina jina la aliyehoji na siku aliyoenda. Halafu kila mmoja anapewa swali moja la kulijibu kwa ukurasa mmoja na nusu, na liwe swali kweli, "sehemu ya pili" siyo kazi. Mmoja anajibu mvua inafanya nini kwenye uanikaji na bei ya debe, mwingine anajibu wanunuzi wa kutoka Kongo wakija soko linabadilikaje, mwingine usafiri kutoka visiwani, mwingine giza na mbalamwezi, na kuendelea hivyo mpaka wa nane. Kuchapa, kuprinti na kava peji ni vibarua vya dakika chache, mnazungushana, visihesabike kama mchango wa mtu.

Halafu lida anachora jedwali la safu tano tu: jina, swali lake, kitu cha kuleta, siku ya kuleta, na nani kakagua. Safu ya tatu ndo yenye kazi. Usiandike "kufanya utafiti", andika "picha za fomu 3 zilizojazwa". Kitu ambacho ukiulizwa kimefika au hakijafika jibu ni ndiyo au hapana. Na cha kwanza kiwe kidogo na kije mapema, mimi nawaambia siku ya 3, fomu moja tu, hata iwe mbovu. Asiyeleta siku ya 3 una siku 11 za kuhangaika naye, ukigundua siku ya 12 umebaki na kumlaani tu.

Asipoleta usimwanike kwenye grupu, mpigie. Mara nyingi utakuta siyo kutegea kabisa. Kuna aliyeenda mwaloni siku za mbalamwezi akakuta dagaa ni kidogo na wachuuzi hawana muda naye, maana wavuvi wa dagaa wanavua kwa taa na mwezi ukiwaka wengi wanapumzika. Kuna aliyevuka na pantoni la Kamanga kwenda kwao Sengerema kuna msiba. Kuna ambaye swali hakulielewa na anaona aibu kusema. Anayetegea utamjua hivi: ukimuuliza amekwama wapi hana sehemu ya kukwama, kwa sababu hajaanza.

Dhana: Lida akifanya yote mwenyewe anaokoa grupu

Anaokoa maksi za wiki hii, basi. Wenzake wakishaona kipande chao kinaandikwa upya usiku bila kuambiwa, wanajifunza kwamba wao hawahitajiki, na asaimenti ijayo wanaanza wakiwa wamekaa. Na ubaya unasambaa, mwanasaikolojia Kerr alionyesha 1983 kwamba hata mchapakazi akiona mwenzake anaweza kazi ila anamtegea, naye anapunguza, hakuna anayependa kufanywa punda. Kipande kibovu kirudishe kwa mwenyewe na maelezo mawili matatu, arekebishe yeye.

Dhana: Anayeongea sana kwenye wasapu ndo anachangia

Hii ndo inaniudhi kuliko ningependa kukiri. "Nipo pamoja nanyi wapendwa" siyo fomu. Na kukaa kwenye diskasheni masaa matatu pia siyo.

Dhana: Google Docs inaonyesha kila kitu

Inasaidia sana, itumieni, ukiwa na ruhusa ya kuediti fungua File, kisha Version history, kisha See version history, utaona nani kaandika nini na saa ngapi. Ila inaonyesha aliyechapa, haionyeshi aliyefikiri. Asiye na laptop akiandika kwenye daftari na mwenzake akamchapia, sifa zote zinaenda kwa mwenye laptop, ndo maana nasema picha ya daftari iwekwe mle mle. Na aliyenakili kwa mtu na kubandika ataonekana mchapakazi hodari. Dawa yake ni ndogo: kila kipande kikaguliwe na mwenzake mmoja, amuulize mwandishi maswali mawili, kwa mfano "huyu mchuuzi alisema bei inashuka lini, na wewe ulimwamini kwa nini?" Aliyehoji anajibu papo hapo, na anakuongezea ambayo hata hakuyaandika.

Dhana: Mwishoni tupeane asilimia, haki itapatikana

Asilimia bila jedwali ni urafiki tu, marumeti wanapeana 100 na yule anayekaa mbali Igoma anapata 40. Mkitaka kupeana, kila namba isimame kwenye safu ya kitu kilicholetwa na siku kilipoletwa.

Na mkishashindwa kabisa na mtu, njooni kwa mwalimu kabla ya siku ya 10, na jedwali mkononi na yeye akiwa anajua mnakuja. Hapo naweza kumpa swali lake dogo alijibu peke yake na kumsahihishia kivyake. Mkija asubuhi ya kukusanya, ripoti imeshabanwa, jina limefutwa kwa kalamu kwenye kava, mimi sina cha kupima zaidi ya hasira zenu.