Arobaini imeisha, mbona bado tunapokezana mtoto kama walinzi wa zamu?

Juzi nimepitia meseji zangu na mume wangu za mwezi mzima. "Pampasi zimeisha." "Pitia gesi." "Kanyonya saa ngapi?" Basi. Tunaishi Tabata chumba na sebule lakini ukisoma unaweza kudhani ni dada wa kazi na bosi wake.

Wanasema: arobaini ikiisha mambo yanarudi kama zamani.
Kwa wengi kidonda kinapona kwenye wiki 6 hivi, sawa, ila ukiwa unanyonyesha homoni ya estrojeni inashuka na uke unakuwa mkavu, kwa hiyo unaweza kumpenda mtu kabisa na bado tendo likauma. Mimi nilikuwa najifanya nimelala, naye akaona simtaki. Kilichosaidia ni kumwambia ukweli, kwenda taratibu, na kilainishi cha maji cha famasi (mafuta ya nazi yanaharibu kondomu). Maumivu yasipoisha, au ukiona uchafu wenye harufu mbaya, nenda hospitali.

Wanasema: mkikutana mtambemenda mtoto.
Hii ndo ilitumaliza. Mama mkwe alikuja kutoka Tanga, akalala na mimi chumbani miezi mitatu, mume kwenye kochi sebuleni. Mama wa watu alikuwa na nia njema jamani, mtori kila siku, lakini manii hayaingii kwenye maziwa. Mtoto anadhoofu kwa kukosa maziwa ya kutosha, kwa kuhara, kwa maradhi, au mama akibeba mimba nyingine haraka na huyu anayenyonya akaachishwa ziwa mapema. Hapo kwenye mimba nadhani wazee walikuwa wameona kitu. Kunyonyesha kunazuia mimba vizuri kama mtoto hajafika miezi 6, anapewa maziwa ya mama tu mchana na usiku, na hedhi haijarudi. Kimoja kikikosekana unahitaji njia ya uzazi wa mpango, na unaweza kuiulizia siku hiyohiyo ukimpeleka mtoto kliniki.

Wanasema: hamu ikipotea, mapenzi yameisha.
Kwetu kilichokuwa kimepotea ni usingizi. Sheria inampa baba siku 3 tu za likizo, mama 84, kwa hiyo usiku wote ukawa wangu. Tukabadilisha: namnyonyesha saa 3, nalala, mpaka saa 7 mtoto ni wa baba, akiamka anampa kwa kikombe maziwa niliyokamua nikaweka kwenye friji. Masaa manne bila kuamshwa! Wiki ya kwanza nilikuwa naamka tu mwenyewe kusikiliza kama analia. Ya pili nikalala kweli, na ya tatu ndo nikajikuta nimemwegemea kwenye kochi tunakula chipsi mayai tunamcheka jirani, hatujagusana zaidi ya hapo na hakuna aliyedai.

Ila ukilala na bado huzuni haitoki, umepita wiki 2 unalia au hata mtoto huna hamu naye, hiyo inaweza kuwa sonona ya baada ya kujifungua na inatibika, kamwambie nesi hukohuko kliniki.