Mapendekezo ya kibodi: kwa nini simu inakumbuka maneno unayotaka yabaki siri, na jinsi ya kuyafuta

Ukianza kuandika ujumbe kwenye simu, juu ya herufi hutokea mstari wenye maneno mawili au matatu yanayokusubiri uyaguse. Hayo ndiyo mapendekezo ya kibodi. Baadhi yake hutoka kwenye kamusi iliyokuja na kibodi yenyewe, mengine hutoka kwenye majina uliyohifadhi kwenye simu, na yaliyobaki umeifundisha wewe mwenyewe bila kukusudia. Hili kundi la mwisho ndilo linalowaumbua watu.

Chukua mfano wa dada anayehudhuria kliniki ya wajawazito na hajataka kumwambia mtu nyumbani. Kwa wiki kadhaa amekuwa akimwandikia rafiki yake "kesho naenda kliniki", "nimetoka kliniki", "kliniki wamesema nirudi". Siku moja mdogo wake anaazima simu amjibu fundi, anaandika "kesho naenda", na kabla hajamaliza, "kliniki" imeshakaa katikati ya mstari. Hajafungua ujumbe wowote wa mtu. Kibodi ndiyo iliyomwambia.

Sababu yake ni ya kawaida tu. Kibodi huhesabu mambo mawili: neno gani unaliandika mara nyingi, na neno gani hulifuata lipi. Ukirudia "naenda kliniki" vya kutosha, uzito wa "kliniki" baada ya "naenda" unapanda hadi kulipita "sokoni" au "kazini". Kibodi haijui siri ni nini. Kwake jina la dawa, jina la utani la mpenzi na jina la mtaa ni herufi zinazojirudia.

Sisi tunaoandika Kiswahili tuna tatizo letu la ziada. Watu wengi wametumia kibodi ya Kiingereza tangu siku waliponunua simu, na hawajawahi kuongeza Kiswahili. Kwa kibodi hiyo karibu kila neno letu ni geni. Unaandika "nimepima", inalipigia mstari mwekundu au inalibadilisha, wewe unalirudisha, na kwa kulirudisha umeiambia kwamba neno hili ni halali, ilishike. Matokeo yake kumbukumbu ya kibodi inakuwa picha ya mazungumzo yako zaidi kuliko ingekuwa kwa mtu ambaye maneno yake yote yamo kwenye kamusi tayari.

Vipi kuhusu nywila? Sehemu ya kuandikia nywila, ile inayogeuza herufi kuwa vitone, huiarifu kibodi kwamba hapa ni nywila, na kibodi za kawaida hazijifunzi hapo. Hatari inakuja unapoiandika mahali pengine: umemtumia mwenzio nywila ya mtandao wa nyumbani kwa WhatsApp, au umekosea ukaiandika kwenye nafasi ya jina la mtumiaji. Hapo haikuwa na vitone, ilikuwa neno kama neno lingine, na kibodi inaweza kulishika.

Kabla ya kufuta chochote, hakikisha ni kibodi kweli inayokumbuka. Angalia neno linatokea wapi. Likiwa kwenye mstari ulio juu ya herufi, ni la kibodi. Likishuka kama orodha chini ya kisanduku unachojaza kwenye ukurasa wa wavuti, hilo ni la kivinjari, na hata ukiifuta kibodi mara kumi halitaondoka. Nenda ukalifute kwenye data ya kujaza fomu ya kivinjari. Na likija kama kipande kizima cha maandishi uliyonakili muda mfupi uliopita, hilo ni la ubao wa kunakili.

Sasa tuchukue Gboard, kibodi ya Google inayopatikana kwenye simu nyingi za Android. Kama shida ni neno moja, usifute vyote. Andika herufi zake za mwanzo hadi litokee kwenye mstari, libonyeze bila kuachia, na pipa la taka litajitokeza. Liburute hadi humo uachie. Kwa yule dada hii inatosha, ila akiendelea kuandika "kliniki" kila siku litajifunzwa upya.

Kufuta vyote, fungua mipangilio ya Gboard yenyewe: iite kibodi kwa kugusa mahali popote pa kuandikia, kisha gusa alama ya gurudumu lenye meno. Ingia Privacy, halafu Delete learned words and data. Itakuonyesha tarakimu chache na kukutaka uziandike kwenye kisanduku ndipo ikubali. Hapo watu wengine hudhani wanadaiwa namba ya siri wakarudi nyuma. Ni kinga tu ya kuzuia kidole kisichokusudia. Nakili tarakimu hizo hizo unazoziona.

Ukimaliza, jaribu. Andika "kesho naenda" uone. Mstari hautakuwa mtupu, kwa sababu kamusi ya kibodi bado ipo, lakini "kliniki" isiwe ya kwanza kujitokeza. Ikiwa neno bado linakuja, tazama sehemu mbili. Ya kwanza ni Dictionary, kisha Personal dictionary, humo humo kwenye mipangilio ya Gboard. Maneno uliyoyaongeza humo kwa mkono hufutwa moja moja. Ya pili ni majina ya watu: kama umehifadhi namba kwa jina "Kliniki Daktari", kibodi inaweza kulisoma kutoka huko.

Gharama yake utaisikia siku mbili tatu za mwanzo. Kibodi itaanza tena kukukosoa "nitakuja" na "tumefika" kama haijawahi kukutana nawe. Huo ndio wakati mzuri wa kuongeza Kiswahili kwenye Languages, ili maneno ya kawaida yatoke kwenye kamusi.

Kwenye iPhone huwezi kuchagua neno moja. Unakwenda Settings, General, Transfer or Reset iPhone, Reset, kisha Reset Keyboard Dictionary, na itakuomba namba ya kufungulia simu. Picha na ujumbe haviguswi. Vifupisho ulivyoviweka mwenyewe viko kwenye Text Replacement, vikague huko. Simu za Samsung nyingi zina kibodi yao: kwenye mipangilio ya Samsung Keyboard tafuta Reset to default settings, halafu Erase personalized predictions. Kama simu ina kibodi mbili na umekuwa ukizibadilisha, kila moja ina kumbukumbu yake.

Kibodi inayohifadhi maneno kwenye akaunti ya mtandaoni inahitaji uangalifu zaidi. Julai 2016 kibodi ya SwiftKey ilisimamisha huduma yake ya kuoanisha maneno baada ya baadhi ya watumiaji kuanza kupendekezewa anwani za barua pepe za watu wasiowajua. Kwa kibodi ya namna hiyo, futa na data iliyoko kwenye akaunti, siyo ya simu pekee.

Na kama hutaki neno liingie kabisa, tangu Android 8.0 programu inaweza kuiomba kibodi isijifunze. Chrome hufanya hivyo kwenye dirisha lake la faragha, na Gboard ikikubali huonyesha alama ya kofia na miwani. Signal nayo ina Incognito keyboard kwenye mipangilio ya faragha. Kibodi nyingine zinaweza kulipuuza ombi hilo, kwa hiyo usipoona dalili yoyote kwenye kibodi yako, chukulia kwamba inajifunza.