Upumuaji wa mimea: joto la gunia la mbegu na la shimo la ndizi

Tia mkono ndani ya gunia la mbegu za mpunga zilizorowekwa usiku kucha, zikachujwa, kisha zikafungwa zichipuke. Kufikia siku ya pili, katikati ya gunia pana joto kuliko hewa ya nje, hata likiwa limewekwa kivulini. Joto hilo halikutoka juani. Limetoka ndani ya mbegu zenyewe, na ndiyo dalili iliyo wazi kuliko zote ya kile ambacho biolojia hukiita upumuaji wa seli.

Upumuaji huu si kuvuta na kutoa pumzi. Ni kazi ya kikemia inayofanyika ndani ya kila seli hai ya mmea: sukari huvunjwa kwa kutumia oksijeni mpaka ikabaki kaboni dioksidi na maji, na nishati iliyokuwa ndani ya sukari hutoka. Kwa ufupi huandikwa hivi:

C6H12O6 + 6O2 → 6CO2 + 6H2O + nishati

Wengi wametoka skuli wakiamini kwamba mmea hupumua usiku tu. Sivyo. Hupumua saa zote, ila mchana majani hutengeneza sukari kwa kasi kubwa zaidi, na kaboni dioksidi ya upumuaji hutumika palepale bila kuonekana. Mzizi, mbegu iliyo ardhini na ndizi iliyokwisha kukatwa mgombani havina faraja hiyo. Vyote vinaishi kwa akiba.

Akiba yenyewe mara nyingi ni wanga, ambao seli haiwezi kuutumia ulivyo. Kwanza vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemia, huukata kuwa sukari ndogondogo, hasa glukosi. Kila glukosi hupasuliwa vipande viwili ndani ya ute wa seli, na hatua hii haihitaji oksijeni. Hutoa molekuli 2 tu za ATP, yaani ile kemikali ambayo seli huitumia moja kwa moja kujenga, kusukuma chumvi na kukua. Vipande hivyo huingia kwenye mitokondria, vile vijumba vidogo vya nishati ndani ya seli, na huko kaboni yake hutolewa kama kaboni dioksidi, huku elektroni zake zikipitishwa kutoka protini moja hadi nyingine. Oksijeni inangoja mwisho wa safari hiyo, izipokee elektroni na kufanya maji. Hapo jumla hufika ATP 30 hivi kwa kila glukosi.

Sasa iondoe oksijeni. Elektroni hazina wa kuzipokea, msururu mzima unakwama, na seli inabaki na zile ATP 2 za mwanzo. Vile vipande hugeuzwa kuwa alkoholi. Ndiyo sababu mbegu zilizosahauliwa ndani ya ndoo ya maji yasiyobadilishwa hutoa harufu ya pombe. Mpunga ni mvumilivu kuliko nafaka nyingi: bila hewa unaweza kutoa chipukizi jeupe refu linalotafuta hewa juu ya maji, lakini mzizi haukui. Ukiona vichipukizi virefu visivyo na mizizi, mbegu zako zilikosa hewa.

Hata hewa ikiwapo, si nishati yote inayogeuka ATP. Karibu sehemu 4 katika 10 ndizo hunaswa. Nyingine hupotea palepale kama joto. Hilo ndilo joto la gunia.

Kwa nini mbegu inayochipuka ipumue kwa nguvu hivyo? Ikiwa kavu, yenye unyevu wa asilimia 12 au 13, inapumua kidogo mno, ndiyo maana hukaa ghalani miezi. Inapofyonza maji, mitokondria zilizokuwa zimelala huanza kazi ndani ya saa chache. Kiini hutoa homoni inayoamuru tabaka linalozunguka wanga litoe vimeng'enya, na sukari huanza kumiminika. Kila kitu ni cha kujenga upya, mzizi, shina na jani la kwanza, na jani hilo bado halijaona mwanga. Kwa hiyo gharama yote inalipwa na akiba. Gunia likishonwa likajaa pomoni, joto la katikati linaweza kupita nyuzi 40 na kuua viini. Mwenye kujua hulifungua na kuzigeuza mbegu.

Tunda nalo lina sababu yake. Ndizi iliyokomaa ikiwa mbichi, karibu robo hadi moja ya tano ya uzito wa nyama yake ni wanga. Ikiiva, wanga hubaki asilimia moja au mbili, na sukari hufika kiasi cha asilimia 20. Kugeuza wanga huo, kulainisha kuta za seli, kutengeneza harufu na kubadili rangi ya ganda, yote yanahitaji ATP, na sehemu ndogo ya sukari huchomwa kuilipia. Kinachowasha kazi hiyo ni gesi ya ethilini, ambayo tunda hujitengenezea. Ikishaanza, huamsha ethilini zaidi, na upumuaji hupanda ghafla. Kuvundika ndizi shimoni ni kuifungia gesi hiyo isitoroke, na moshi kidogo huongeza nyingine, kwa kuwa majani yanayoungua bila moto mzuri hutoa ethilini pia.

Tupige hesabu. Kwenye nyuzi 20, kilo ya ndizi mbichi hutoa kaboni dioksidi miligramu 30 hivi kwa saa. Kileleni hupita 100. Hali ya Unguja na Pemba ni ya joto zaidi, basi tuchukue 100 kama kiwango cha chini. Mkungu wa kilo 20 utatoa gramu 48 kwa siku. Ili kutoa hizo, utachoma sukari gramu 33 na kuvuta oksijeni lita 27 hivi, yaani oksijeni yote iliyomo katika lita 130 za hewa.

Uweke mkungu huo ndani ya pipa la plastiki la lita 200 lenye kifuniko kilichobana. Hewa iliyobaki ni lita 180, nayo ina oksijeni lita 38. Kwa mwendo huo, kabla ya siku mbili kwisha ndizi zitakuwa zinakabwa. Tena kaboni dioksidi iliyojaa humo huizuia ethilini isifanye kazi yake, hivyo unapata ndizi zisizoiva sawasawa, zenye ladha ya pombe. Shimo lililofunikwa kwa majani ya mgomba na udongo halibani kiasi hicho. Huvuja polepole, na uvujaji huo ni sehemu ya ufundi. Mwenye pipa afungue kifuniko mara moja au mbili kwa siku.

Kitu kimoja kinachowachanganya wanunuzi: aina kadhaa za ndizi zikiivia kwenye joto kali, nyama hulainika na kuwa tamu huku ganda likibaki kijani, kwa sababu uvunjaji wa rangi ya kijani huzidiwa na joto. Basi ganda pekee lisikuhukumie ndizi, ibonyeze.

Embe, papai, fenesi na parachichi hufuata mkondo huo wa ndizi. Nanasi, chungwa na shokishoki haviufuati. Havina akiba ya wanga ya kugeuza sukari wala ule mpando wa ghafla wa upumuaji, kwa hiyo shokishoki lililochumwa kali litabaki kali, hata ulivundike wiki nzima.