Dhana potofu kuhusu mashine za kuchambua taka: sumaku, mikondo ya edi na macho ya infraredi

Chukua vitu vitano: kopo la nyanya, kopo la soda, chupa ya maji, trei nyeusi ya chakula na kikombe cha stenlesi. Vimwage kwenye mkanda wa kiwanda cha kuchambua taka, mfano wa kile cha Sunset Park, Brooklyn, kilichofunguliwa mwaka 2013 kupokea vyuma, vioo na plastiki za jiji la New York, nyingine zikifika kwa tishari. Kwenye kiwanda cha namna hiyo, vitatu vya kwanza kwa kawaida hufika vinakotakiwa. Viwili vya mwisho aghalabu huishia kwenye masalia yanayoenda jalalani, ingawa vyote vinaweza kuyeyushwa na kutumika tena. Watu wengi wakisikia hivyo husema mashine ni mbovu. Mashine ni nzima kabisa, ila haijui kikombe wala trei ni nini. Kila mashine ya kiwandani huuliza swali moja tu la kifizikia, na dhana nyingi potofu hutokana na kudhani inauliza jingine.

Dhana: Sumaku huondoa metali zote

Mnunuzi wa chuma chakavu mtaani angekucheka. Yeye hutembea na kisumaku mfukoni, na bomba linalong'aa kama shaba likishika sumaku anajua ni chuma kilichopakwa rangi, bei inashuka hapo hapo. Kiwandani kanuni ni ile ile. Sumaku kubwa huning'inizwa juu ya mkanda, nayo ina mkanda wake mwembamba unaoizunguka. Kopo la nyanya, ambalo ni chuma chenye ngozi nyembamba ya bati, huruka juu na kunata. Mkanda wa sumaku hulikokota kando hadi mahali ambapo nguvu ya sumaku inaisha, na kopo linadondoka kwenye shimo lake. Kopo la soda la alumini hupita chini yake kana kwamba hakuna kitu.

Tatizo la hapa haliko kwenye sumaku yenyewe, liko kwenye unene wa mzigo. Taka zikiwa zimerundikana, kopo lililo chini kabisa hubeba kila kilicho juu yake linapovutwa. Ndiyo maana robota, yaani mzigo uliobanwa na kufungwa, la makopo ya chuma likifunguliwa utakuta mifuko ya plastiki imebanwa ndani. Haikuvutwa na sumaku, ilichukuliwa njiani.

Dhana: Mashine ya mikondo ya edi ni sumaku kali zaidi, inayovuta alumini

Hii ndiyo dhana ninayokutana nayo mara nyingi, hata kwa mafundi. Mashine hii haivuti kitu. Inarusha.

Unaweza kuona kanuni yake nyumbani. Toa sumaku ya neodimi kwenye hadi-diski iliyokufa, inamisha sinia nene la alumini, kisha iachie sumaku iteleze. Haishiki kwenye sinia, lakini pia haishuki kama jiwe. Inashuka taratibu, kama inateleza ndani ya asali. Sumaku inapopita juu ya alumini, huamsha mikondo ya umeme inayozunguka ndani ya metali hiyo, ndiyo mikondo ya edi, na mikondo hiyo hutengeneza usumaku wake unaopinga mwendo ulioizalisha. Mwanafizikia Mfaransa Foucault aliichunguza mwaka 1855, na hadi leo wengine huiita kwa jina lake.

Kiwandani mambo yamegeuzwa: alumini inapita, sumaku ndiyo inayokimbia. Mwishoni mwa mkanda kuna ngoma iliyotengenezwa kwa kitu kisicho metali. Ndani yake kuna rota iliyopangwa sumaku za neodimi, ncha ya kaskazini ikifuatwa na ya kusini. Ngoma huzunguka polepole na mkanda wake, rota ndani inazunguka peke yake kwa kasi kubwa. Tuseme rota ina jozi 12 za ncha na inazunguka mara 3000 kwa dakika. Hiyo ni mizunguko 50 kwa sekunde, na kila mzunguko usumaku hubadilika mara 12 kamili. Kopo la soda likifika juu yake linakutana na usumaku unaogeuka mara 600 kwa sekunde. Mikondo inaamka ndani ya kopo, kopo linasukumwa, nalo linaruka mbele. Karatasi na plastiki hazina mikondo, kwa hiyo zinadondoka tu mwisho wa mkanda. Kati ya njia hizo mbili kimesimamishwa kibamba cha kugawa: kilichoruka kinapita juu yake, kilichodondoka kinabaki nyuma.

Kinachoamua umbali wa kuruka ni uwezo wa metali kupitisha umeme ukigawanywa kwa msongamano wake. Watu husema shaba ndiyo itaruka mbali zaidi kwa kuwa inapitisha umeme vizuri kuliko alumini. Kweli inapitisha vizuri, lakini ni nzito zaidi ya mara tatu. Ukiipa shaba alama 1, alumini inapata kama 2. Risasi haifiki 0.1. Stenlesi ya kawaida ya vikombe na masinki inapata kama 0.03 tu, na nyingi ya aina hiyo haishiki sumaku pia. Basi kile kikombe chetu kimepita chini ya sumaku bila kushtuka, kikapita juu ya rota bila kuruka. Kumbuka pia kwamba vijiko vingi vya bei rahisi ni stenlesi ya aina nyingine, inayoshika sumaku. Hivyo vilishatoka mapema.

Ukubwa nao una neno. Kipande kidogo mno hakina nafasi ya mikondo kuzunguka, na karatasi ya alumini nyembamba husukumwa kidogo tu. Tena usumaku wa rota hufifia haraka ukiinuka sentimita chache juu ya mkanda, kwa hiyo kopo lililopanda juu ya rundo la taka haliruki. Mashine hii inataka mzigo wa safu moja.

Dhana: Mpangilio wa mashine haujalishi, mradi zote zipo

Unajalisha sana. Sumaku lazima itangulie rota. Kipande cha chuma kikifika juu ya rota hakirushwi mbele, kinavutwa na kunata. Na kwa kuwa kinapigwa na usumaku unaogeukageuka, kinapata moto. Hatari kubwa ni chuma kidogo, msumari au kifuniko cha soda, kinachopenya kati ya mkanda na ngoma. Kinakaa pale, kinaiva, kinatoboa mkanda, na kikiachwa kinakula ganda la ngoma hadi kufikia rota. Dalili ya kwanza ni harufu ya raba inayoungua. Ya pili ni alama ya duara iliyochorwa kwenye ngoma, na ukishaiona hiyo, umechelewa.

Dhana: Mashine ya macho husoma namba iliyo kwenye pembetatu

Ile namba 1, 2 au 5 chini ya chupa, inayotaja aina ya plastiki, ni kwa ajili ya binadamu. Mashine haiitafuti. Taa zake humwaga mwanga mkali juu ya mkanda, na kihisi hupima mwanga unaorudi katika sehemu ya infraredi ambayo jicho letu halioni. Kila aina ya plastiki humeza mawimbi fulani na kurudisha mengine, kulingana na jinsi atomi zake zilivyoungana. Chupa ya maji ina sahihi yake, jeriken ya mafuta ina yake. Kompyuta ikiitambua, safu ya pua za upepo mwishoni mwa mkanda hupuliza pale kitu kilipo, nacho kinaruka upande wa pili.

Kwa kuwa inasoma mwanga uliorudi, inasoma ngozi tu. Chupa ya juisi iliyovishwa lebo ya kubana kutoka shingoni hadi kitakoni itasomwa kuwa lebo, hata kama chini yake kuna plastiki safi ya chupa. Na trei nyeusi? Weusi wake hutokana na unga wa kaboni, na kaboni humeza infraredi yote. Hakuna kinachorudi. Mkanda wenyewe ni mweusi, basi kwa kihisi trei hiyo ni mkanda mtupu. Ni sababu mojawapo iliyofanya maduka makubwa ya Uingereza kuanza kuziacha trei hizo, wala si kwamba plastiki yake ni duni.

Dhana: Mashine ikishaitambua chupa, kazi imekwisha

Kutambua ndiko rahisi. Tufanye hesabu. Mkanda unakwenda mita 3 kwa sekunde, na kutoka kihisi hadi pua za upepo kuna sentimita 60. Kompyuta inajua chupa itafika baada ya sekunde 0.2, inapanga kupuliza wakati huo. Lakini chupa ni ya mviringo, imeanza kubiringika kinyumenyume, na kasi yake halisi ni mita 2.7. Sekunde 0.2 zikifika, chupa imesafiri sentimita 54. Upepo unapuliza sentimita 6 mbele yake, pengine unampiga jirani asiye na hatia. Chupa yenye maji nusu nayo inatambuliwa vizuri, inapulizwa kwa wakati, ila ni nzito, haifiki ng'ambo.

Hapo ndipo ushauri wa "ponda chupa" unapogawanyika. Chupa iliyominywa kidogo haibiringiki, ni nzuri. Iliyobanwa ikawa bapa kabisa, mahali ambapo karatasi na plastiki hukusanywa pamoja, inaweza kupanda na karatasi kwenye vichujio vinavyotenga vitu bapa na vyenye umbo, isifike kabisa kwa mashine ya macho.

Dhana: Robota safi ni ushahidi kwamba hakuna kilichopotea

Rudi kwenye kile kibamba cha kugawa. Ukikisogeza karibu na ngoma, makopo yote yatavuka, lakini na vipande vya plastiki vitavuka nayo. Ukikisogeza mbali, robota linang'aa alumini tupu, huku makopo yaliyobondeka na yaliyoruka kidogo yakiangukia kwenye masalia. Kwa hiyo msimamizi mwenye uzoefu hasimami kwenye robota pekee. Anakwenda kwenye mkanda wa masalia, ambao ndio unaoenda jalalani, anahesabu makopo mazima yanayopita kwa dakika chache, ndipo anarudi kugusa kibamba.

Kwenye mkanda huo huo wa masalia ndipo tunakikuta kikombe chetu. Viwanda vingine huweka hapo mashine ya nne, yenye koili chini ya mkanda zinazohisi metali yoyote, hata stenlesi, na upepo wa kukisukuma. Vingine humweka mtu mwenye glavu, ambaye hukitambua kikombe kwa kukitazama.